Ngata ya Goti

Mashine ya picha za mifupa ilifika Morogoro kwa treni, imefungwa kwenye masanduku yaliyojazwa majani makavu. Vita vilikuwa vimeanza, pwani ilikuwa inapigwa mizinga kutoka baharini, na Wajerumani walikuwa wanahamishia bara kila kilichoweza kuvunjika. Mimi nilikuwa mtumishi wa hospitali, kazi yangu kuosha vioo. Picha za siku hizo hazikuwa karatasi. Zilikuwa vioo vizito, unavitumbukiza kwenye dawa ndani ya chumba cheusi chenye taa nyekundu, unavisuuza, unavisimamisha vikauke, na ukiangusha kimoja utajua Mdachi anavyotukana.

Nilijiona mtu mkubwa sana. Nilikuwa nimesoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani huko kwetu mlimani, nikaja kusoma shule ya serikali mjini, nikapewa kanzu nyeupe na kofia yenye alama ya hospitali. Viatu nilinunua mwenyewe. Vilinibana, lakini nilivivaa hata siku ya mapumziko, kwa sababu mtu mwenye viatu wakati ule alikuwa anaonekana tangu mbali.

Mafundi walipomaliza kuiunganisha mashine, daktari aliogopa kuijaribu kwa askari mwenye jeraha, kwa kuwa hakujua safari ya treni imeiharibu kiasi gani. Akatuuliza sisi watumishi kwa Kiswahili chake cha kukatakata, nani ana ndugu mwenye kiungo kinachouma siku nyingi. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza. Nikamwambia bibi yangu ana goti.

Bibi yangu mzaa mama alikaa kwenye ubavu wa mlima juu ya mji, mahali ambapo ukidondosha gimbi linabingirika mpaka kwa jirani. Sisi Waluguru ukoo wetu ni wa upande wa mama, shamba ni la mama, na mimi nililelewa na bibi tangu nilipoachishwa ziwa. Aliniita mume wangu, kama bibi wote wanavyowaita wajukuu wao wa kiume, nami nilimwita mke wangu na kumlalamikia kwamba hapiki. Utani huo ulikuwa ndio salamu yetu. Kila alipoteremka sokoni na mzigo wa ndizi na maharage kichwani, alipita kwanza kunitukana kidogo, halafu ndipo akaenda kuuza.

Goti lake la kulia lilikuwa limevimba kwa muda mrefu. Lilikuwa likilia kama mlango usiotiwa mafuta. Kupanda aliweza, kuteremka ndiko kulikomtoa machozi, na asubuhi alikaa kitandani akilipapasa mpaka likubali kukunjuka. Alikuwa anajificha na maumivu yale, na mimi nilikuwa nimekubali afiche, kwa sababu jambo lisilosemwa halimpi mtu kazi.

Akaja. Nilimpelekea habari kwa watu wa sokoni, naye akateremka amevaa kaniki yake mpya, amejipaka mafuta, kama anakwenda harusini. Nje ya chumba injini ilikuwa inanguruma ili kuipa mashine nguvu. Bibi akalala juu ya meza na daktari akaniamuru nipandishe nguo yake mpaka juu ya goti na kuushika mguu usitikisike.

Utani wa bibi na mjukuu una mipaka. Kwa maneno naweza kumwambia lolote. Kwa macho, sikuwahi kuona goti la bibi yangu maisha yangu yote, na sasa nililishika kwa mikono miwili mbele ya wanaume watatu, daktari na mafundi wawili. Bibi aligeuza uso ukutani. Mashine ikaanza kutoa mlio wa vijiti vinavyokatika, taa yake ya kioo ikawaka kijani, na harufu ya kama mvua ya radi ikajaa chumbani. Nilikuwa nikiona aibu, nikamwonea hasira yeye aliyenitia aibu, ingawa yeye ndiye aliyekuwa amelala pale.

"Kimya, mke wangu," nikamwambia, "usitikisike."

"Ungekuwa mume," akanijibu akiutazama ukuta, "ungelala hapa wewe."

Ilitakiwa asubiri kioo kikauke na daktari akitazame. Lakini kwenye baraza la hospitali alikaa karibu na wagonjwa wengine, na wagonjwa hawakosi habari. Walimwambia kwamba picha ile ni ya kutafuta pa kupitisha msumeno. Walikuwa na ushahidi wao: walikuwapo askari wawili pale waliokatwa miguu. Nilipotoka chumba cheusi mikono inanuka dawa, bibi alikwisha ondoka kurudi mlimani, na watu wa baraza waliniambia kwamba hata chakula hakungoja.

Siku ya pili daktari alinyanyua kile kioo dirishani na kuniita. Kwenye kioo nyama ni kivuli, mifupa ndiyo inayong'aa. Alinionyesha mfupa wa paja ukishuka, mfupa wa muundi ukipanda, na nafasi iliyokuwa kati yao. Alikuwa ameogopa ugonjwa ule wa kifua ambao mara nyingine huingia kwenye viungo na kuozesha mfupa, na huo ndio ungeweza kufikisha mtu kwenye msumeno. Haukuwapo. Mfupa haukuwa umeliwa matundu. Lakini ile nafasi, upande wa ndani wa goti, ilikuwa imebaki nyembamba kama ukingo wa sahani, na pembeni mwa mifupa palikuwa pameota ncha ndogo kama miba.

"Goti limechakaa," daktari alisema. "Alifanya kazi gani?"

Nilimwambia alibeba mizigo kuteremka mlima.

"Muda gani?"

Nilimwambia tangu kabla sijazaliwa. Sikuongeza kwamba kanzu yangu ya kwanza ya chuoni ilishuka mlima ule kichwani mwake ikiwa bado ni ndizi, na ya pili ikiwa maharage. Daktari hakuuliza hayo, na mimi sikuwa mtu wa kumpa mtu kitu asichokiuliza.

Aliniagiza nimweleze bibi. Hawatamkata, goti halitarudi kuwa jipya, afanye hivi na hivi. Sikupewa ruhusa ya kupanda mlimani. Treni za majeruhi zilikuwa zinatarajiwa. Kwa hiyo niliandika.

Barua ya kwanza niliichana. Niliijaza maneno niliyoyasikia kwa daktari, nikaisoma, nikajiona nimesoma kweli, halafu nikamwona bibi akiisikiliza na kusema, "Basi wanakata." Ya pili niliandika kwa herufi za Kiarabu, ili mwalimu wa chuo kule kwetu aweze kumsomea bila kutafuta karani wa akida ajuaye herufi za Kizungu, na nikajikaza niseme kwa lugha ya nyumbani. Nilifikiria sana ni kitu gani bibi anakijua vizuri kuliko daktari. Ndipo nikakumbuka ngata, ule mduara wa majani makavu ya mgomba ambao mwanamke huusuka na kuuweka utosini chini ya mzigo. Nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu. Barua yenyewe bado naikumbuka, kwa sababu baadaye ilinirudia.

"Kwa bibi yangu, mke wangu mkubwa. Shikamoo. Mimi mzima, chakula hapa hakina chumvi kama chako.

"Bibi, kioo kimekauka na tumekitazama. Neno la kwanza: hawakati mguu. Waliokwambia hivyo ni waongo. Ugonjwa unaoozesha mfupa haumo katika goti lako.

"Neno la pili: unachoumwa ni baridi yabisi, ile ya kiungo kuchakaa. Nakueleza ilivyo. Ukibeba mzigo, huuweki juu ya kichwa kitupu. Unaweka ngata kwanza. Mungu naye ameweka ngata ndani ya goti, katikati ya mfupa wa paja na mfupa wa muundi, ili mmoja usimsage mwenzake. Ngata hiyo ni laini, picha haiioni. Picha inaona mifupa tu na nafasi iliyo katikati. Goti zima lina nafasi pana. Lako nafasi imekuwa nyembamba upande wa ndani, ndipo tukajua ngata imelika. Mifupa inapokaribiana sana inaota miba pembeni. Ndiyo maana goti linalia, linavimba, na asubuhi linakaza mpaka ulitembeze.

"Neno la tatu: usibebe mzigo tena mlimani, hasa kuteremka. Shika fimbo, na uishike mkono wa kushoto, kwa sababu goti bovu ni la kulia. Usikae kutwa, lakini usijichoshe. Ukae, unyooshe mguu, uukaze, uulegeze, mara kwa mara, nyama ya paja ipate nguvu ya kulisaidia goti. Funga kitambaa chenye joto. Vidonge ninavyokuletea meza ukishakula, siku ya maumivu makali tu.

"Goti hili halitakuua. Ni mimi mumeo."

Niliikunja pamoja na vidonge nikampa mfanyabiashara wa tumbaku aliyekuwa anapanda njia ile. Halafu nikaenda kumsomea mtumishi mwenzangu nakala niliyojiwekea, ili aone jinsi mtu aliyesoma anavyoweza kusema na mtu asiyesoma. Alinisifu. Nikaisoma tena kwa mpishi.

Siku zikapita, majeruhi wakaja, vioo vikanijaa mpaka vidole vikawa vya kahawia kwa dawa. Asubuhi moja nilikuwa nasuuza vyombo uani nikasikia sauti kwenye baraza ikiuliza, "Mume wangu yuko wapi? Mwambieni mkewe kaja."

Alikuwa amekuja kwa miguu yake. Fimbo hakuwa nayo. Alikuwa ametoka kwetu jana yake na kulala njiani kwa jamaa, kwa sababu goti lilikataa kuteremka mara moja kama zamani. Lilikuwa limevimba hivi kwamba lilionekana kupitia kaniki. Lakini uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuiona siku ya mashine. Akaketi kwenye benchi, akafungua upindo wa kaniki, akatoa kitu na kunipa kwa mikono miwili.

Ilikuwa ngata. Nimeona ngata maisha yangu yote, lakini ile haikuwa ya kubebea mzigo. Ilikuwa ndogo, duara la kukaa kiganjani, imesukwa kwa majani membamba ya mgomba yaliyochambuliwa mpaka yakawa laini kama uzi, imekazwa vizuri, haina hata ncha moja iliyojitokeza.

"Tumeisuka wanawake wote wa kitongoji," alisema. "Mwalimu alisoma barua, tukamwambia arudie. Tukapima hapa, tazama, upana wa goti. Ile ya zamani imechakaa, sawa. Ngata ikichakaa inatupwa, inasukwa nyingine. Nani abebe mzigo juu ya ngata iliyokwisha? Mpe daktari aiweke."

Nilisimama na kile kitu mkononi. Ningeweza kumwambia palepale. Lakini mpishi alikuwa mlangoni, yule niliyemsomea barua, na mtumishi mwenzangu alikuwa anasogea aone kinachochekesha. Na bibi alikuwa ananitazama kama mtu anayengoja mtoto wake aliyesoma afanye kile alichosomeshewa. Aibu ilinipanda masikioni. Nilisema, "Ngoja nimwite daktari," ili nipate tu kuondoka mbele ya macho yake.

Daktari akatoka mwenyewe kabla sijamfikia. Alimkumbuka. Akaiona ngata mkononi mwangu, akaichukua, akaigeuzageuza.

"Hii nini?"

"Zawadi, bwana daktari," nikasema.

Akafurahi. Akamwambia bibi, "Asante sana, mama," akaitia mfuko wa koti lake jeupe. Bibi naye akasema, "Haya," akajivuta nyuma kwenye benchi, akaunyoosha mguu wa kulia mbele yake, na yeye mwenyewe, mbele ya watu wote wa baraza, akapandisha kaniki mpaka juu ya goti.

Bibi yangu, aliyegeuzia uso ukuta kwa sababu ya wanaume watatu, alikuwa amekaa goti wazi kwenye baraza la hospitali ya vita, akitazama mfuko wa daktari.

"Anafanya nini?" daktari akauliza.

Nikamweleza. Nilieleza taratibu na kwa sauti ndogo, na nikamwona anavyoelewa, kwanza ngata, halafu barua, halafu mguu. Hakucheka. Afadhali angecheka.

"Nani alimwambia kwamba ni kama hii?"

"Mimi, bwana daktari."

"Umeeleza vizuri," alisema. "Vizuri kupita kiasi." Akaitoa ngata mfukoni, akanirudishia. "Mwambie wewe. Mimi naitwa huko." Akaenda, na ni kweli alikuwa anaitwa.

Nikachuchumaa mbele ya bibi nikamteremshia kaniki ifunike goti. Nikamwambia. Nilimwambia kwamba ngata ya ndani haikusukwa, imeota pamoja na mtu, na ikilika hakuna fundi wa kuirudisha, si huku wala Ulaya. Nilimwambia barua ilikuwa mfano tu, wa kumfanya aone. Nikajisikia ninavyosema "mfano tu," nikatamani meno yangu yaume ulimi.

Bibi alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo ulijua," akasema.

"Niliandika, bibi. Niliandika usibebe, ushike fimbo."

"Uliandika. Lakini hukuandika kwamba haisukwi nyingine."

Alikuwa anasema kweli. Daktari alikuwa amenipa maneno mawili, kwamba hawakati, na kwamba goti halitarudi kuwa jipya. La kwanza niliandika juu kabisa. La pili sikuliandika popote, niliandika halitamuua. Mfano ulikuwa umenipendeza, na neno lile baya lingeuharibu. Bibi hakupaza sauti. Alisema tu kwamba wanawake wa kitongoji walichambua majani siku nzima, na mmoja aliacha palizi yake ili asuke ukingo, na kwamba sasa atakwenda kuwaambia nini.

Nilipata ruhusa ya kumsindikiza mpaka mwanzo wa mlima. Tulipotaka kuondoka ndipo nilipoliona furushi chini ya benchi. Bibi alikuwa amepitia kwanza duka la Mhindi akapewa chumvi ambayo wenzake walimwagiza, kwa sababu chumvi ilikuwa imeadimika mlimani, na alikuwa na hakika kwamba atarudi na goti jipya. Chumvi ile ilikuwa imefungwa kwenye gunia dogo, nzito kama mtoto wa kuanza kutembea. Nikatafuta mtu wa kuibeba. Hakukuwa na mtu. Vijana wote wenye shingo walikuwa wamechukuliwa upagazi wa vita, na waliobaki walikuwa wamejificha.

Bibi akainama kuinyanyua. Nikamzuia. Mbele ya macho ya mpishi nilisema kwa sauti, "Nimekuandikia usibebe mzigo." Akanyooka, akanitazama, akachukua ile ngata mkononi mwangu, akaiweka utosini mwangu baada ya kunivua kofia, akasema, "Haya, mume wangu. Beba."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wanasema. Uzito wa chumvi ile ulishuka shingoni mpaka kwenye viatu vyangu vya kubana. Ngata ilikuwa ndogo kwa kichwa changu, ilinifanya nitembee shingo imekakamaa. Lakini uzito haukuwa neno. Neno lilikuwa barabara. Njia ya kwenda kwetu ilipita katikati ya soko, pana, tambarare, kwenye maduka ya Wahindi na mabaraza yao, na pale nilikuwa najulikana. Nilikuwa napita pale kila jioni nimevaa kofia na viatu, nikisalimiwa na makarani. Sasa nipite nimebeba gunia kichwani kama pagazi, nyuma yangu mwanamke wa mlimani anachechemea.

Nilijiambia kwamba askari watanikamata upagazi wakiniona na mzigo. Ulikuwa uongo. Kanzu ya hospitali ilinikinga, na kila askari wa pale alikuwa ananijua kwa sura. Basi, badala ya kunyooka na barabara, nikakata kushoto nyuma ya mazizi, nikateremka kwenye njia ya mtoni.

Ni njia ya wachota maji. Inateremka ghafla kwenye mawe mpaka mtoni, halafu inapanda ukingo wa pili, halafu inateremka tena. Mtu mwenye magoti mazima huiona fupi. Nilitangulia. Nilisikia nyuma yangu hatua za bibi, mguu mmoja unakanyaga, mwingine unaburuzwa, halafu kimya anapotafuta pa kushika. Sikugeuka, na sikusema pole. Mtu mwenye mzigo kichwani hawezi kugeuka vizuri, nilijiambia hivyo pia.

Kwenye mteremko wa pili nilisikia kokoto zikiporomoka na bibi akivuta pumzi kwa meno. Nikasimama. Alikuwa amekaa chini kwenye jiwe, ameushika mguu kwa mikono miwili, palepale nilipoushika mimi siku ya mashine.

"Soko limefungwa leo?" akauliza.

Kelele za soko zilikuwa zinasikika mpaka pale, wauzaji wa samaki wakavu wanaita, na mahali fulani mtu anagonga bati.

"Nimekuuliza, mume wangu. Soko limefungwa?"

"Halijafungwa, bibi."

"Ahaa," akasema.

Hilo ndilo alilosema, "ahaa," kama mtu aliyeonyeshwa picha yake akaielewa. Aliokota ufito uliokuwa umeletwa na maji, akauvunja urefu wa kumfaa, akaushika mkono wa kushoto, kama nilivyoandika. Akainuka. Nilitaka turudi barabarani, nikamwambia turudi, tupite sokoni. Akasema tumekwisha fika mbali, kurudi ni kupanda na kuteremka tena. Akatangulia yeye, na mimi nikamfuata na chumvi, nikitazama kisigino chake cha kulia kinavyogusa chini kwa uangalifu kila mara, kama mtu anayejaribu maji ya moto.

Wanawake wa kitongoji chetu walikuwa wamekaa mwanzo wa mlima wakimngoja. Walipotuona walisimama wote, wakatazama goti lake kwanza, halafu fimbo, halafu mimi. Hakuna aliyeuliza. Mmoja wao alinitua gunia. Ngata ikabaki kichwani kwangu, imejibana kwenye nywele.

Nilisubiri bibi anitukane mbele yao. Nilitaka anitukane. Mtu akitukanwa hadharani anapata pa kuanzia kuomba radhi, na pale, mbele ya watani wangu, ningelipia yote kwa siku moja ya kuchekwa. Alikuwa na haki hiyo, na ulimi alikuwa nao. Badala yake aliwaambia wenzake kwamba daktari ameisifu sana kazi ya mikono yao, alisema asante sana, lakini amesema goti lake yeye ni la watu wa kale, ngata za siku hizi haliziwezi. Wakacheka. Mmoja akasema basi wasuke ya mtindo wa zamani. Wakacheka tena, wakagawana chumvi, wakaanza kupanda.

Bibi alibaki nyuma kidogo. Akanikaribia akaitoa ngata kichwani mwangu, akaishika mbele ya macho yake, akaibinya kwa vidole, akaigeuza upande wa chini, akipekua ukingo wake wote jinsi daktari alivyokipekua kile kioo dirishani.

"Chukua," akasema, akaniwekea kiganjani. "Hii ni yako. Haijalika hata kidogo."

Akageuka, fimbo mkono wa kushoto, akawafuata wenzake mlimani.